Hali ya mgeni hufunga nyaraka, haifungi laini

Mtu anayeazima simu Kiwanjani hahitaji kujieleza sana. Mtaa uko karibu na uwanja wa ndege wa Isiolo, na mji wenyewe umekaa kwenye barabara kuu ya A2 inayopanda hadi Marsabit na Moyale, mpakani mwa Ethiopia, mwendo wa kilomita 500 hivi. Abiria hushuka betri ikiwa imekufa njiani. Mfugaji huleta mbuzi mnadani akiwa na kabambe mfukoni, na karatasi anayoihitaji inapatikana mtandaoni tu. Wote wawili husema maneno yaleyale: niazime simu kidogo. Lakini maombi yao hayafanani hata kidogo. Wa kwanza anataka kupiga, yaani anataka laini. Wa pili anataka kuingia mahali kwenye intaneti, yaani anataka kioo na bando. Ushauri mwingi wa usalama wa simu huyachanganya mambo haya mawili, ukamwambia mwenye simu awashe hali ya mgeni, basi, amemaliza. Hajamaliza. Hali ya mgeni ni jibu zuri sana kwa yule wa pili na ni jibu bovu kwa yule wa kwanza. Asiyejua tofauti hiyo anaweza kuwa hatarini kuliko asiyejua hali ya mgeni kabisa, kwa sababu yeye ameacha kuchunga.

Kuna wakati swali hili halikuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Safaricom ilikuwa na Simu ya Jamii, na nchini Uganda mtandao wa MTN ulianzisha simu za vijijini mwaka 2003 kwa kushirikiana na Grameen Foundation. Mtu mmoja alimiliki simu, kijiji kizima kikaitumia kwa malipo. Simu ile ilipita mikononi mwa watu wasiojuana kutwa nzima na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu ndani yake hamkuwa na kitu cha kuibwa isipokuwa salio, na salio lilihesabiwa kwa sekunde mbele ya macho ya mwenyewe. Mwaka 2007 ikaja M-PESA. Baadaye zikaja simu za kugusa, barua pepe, eCitizen, vikundi vya chama kwenye WhatsApp na programu za mikopo. Desturi ya kuazimana ikabaki ilivyokuwa, kitu kinachoazimwa ndicho kilichogeuka. Kumpa mtu simu leo ni kumpa sanduku la barua, kitambulisho, daftari la hesabu na mlango wa benki kwa mkupuo mmoja, na bado ombi linatamkwa kama zamani.

Watu wengi wanapofikiria hatari hiyo huwaza namba ya siri ya M-PESA, kisha hutulia, kwa kuwa namba hiyo wanaijua wao peke yao. Utulivu huo hauna msingi mzuri. Asiyekuwa na nia njema hahitaji namba yako ya siri katika dakika mbili alizo na simu yako. Anachohitaji ni ujumbe wa mwisho. Kila muamala wa M-PESA huacha ujumbe wenye jina la aliyetuma au aliyepokea, kiasi, tarehe, saa, na salio lililobaki. Anayefungua kisanduku cha ujumbe na kuteremsha kidole mara tatu anajua una pesa ngapi, umelipa karo shule gani, mwenye nyumba wako ni nani na kaka yako aliye Nairobi hukutumia kiasi gani kila mwisho wa mwezi. Jioni unapigiwa simu na mtu mpole, anakutajia jina la uliyemtumia pesa asubuhi, anakutajia na kiasi, halafu anakwambia kuna hitilafu inayohitaji kurekebishwa. Walaghai wa simu wamekuwepo muda mrefu na watu wamejifunza kuwakatia. Kumkatia anayekutajia kiasi sahihi hadi shilingi ya mwisho ni kazi nyingine. Na hakuna kilichoibwa wakati ule wa kuazima. Kilichosomwa tu ndicho kilichotumika.

Hapo ndipo hali ya mgeni inapostahili sifa. Tangu toleo la Android 5.0 la mwaka 2014, mfumo huu unaruhusu simu moja kuwa na watumiaji zaidi ya mmoja, na mmoja wao ni mgeni. Si pazia linaloficha programu zako, kama zinavyofanya baadhi ya programu za kuficha picha. Mfumo humpa kila mtumiaji namba yake, na kila programu anayoifungua huhifadhi data zake kwenye folda ya mtumiaji huyo tu. Kivinjari cha Chrome anachofungua mgeni ni Chrome ileile iliyosakinishwa, lakini haina historia yako, haina manenosiri yako, haijui barua pepe yako. Matunzio ya picha ni matupu. Orodha ya majina ni tupu. WhatsApp yako haimo. Ujumbe mfupi haumo, na ujumbe mpya ukiingia haumtokezei mgeni juu ya kioo. Tangu Android 7.0 ya mwaka 2016, simu zinazotumia usimbaji wa faili mojamoja humpa kila mtumiaji na funguo zake. Ili mgeni arudi upande wako, lazima apite kwenye kufuli lako la alama ya kidole, mchoro au namba. Kwa hiyo hakikisha kufuli hilo lipo: simu isiyo na kufuli ina hali ya mgeni ya mapambo, kwani mgusio mmoja unatosha kumtoa sebuleni na kumwingiza chumbani.

Kuiwasha ni kazi ya mara moja. Kwenye simu nyingi za Android unaingia Settings, halafu System, halafu Multiple users, unaruhusu watumiaji wengi. Simu iliyowekwa Kiswahili itakuandikia Mipangilio, Mfumo, Watumiaji wengi. Baada ya hapo, siku ya kuazimwa, unavuta pazia la juu kwa vidole viwili, unagusa kile kidoa chenye umbo la kichwa cha mtu, unachagua Guest au Mgeni. Kioo kinabadilika, kinaonekana kama simu iliyotoka dukani. Akimaliza unarudi palepale, unachagua kumwondoa mgeni, na alichokifanya kinafutwa. Simu za karibuni huuliza kama ungependa kufuta shughuli za mgeni au kuzihifadhi. Jibu la kumpa mtu usiyemjua ni kufuta, kila mara, kwa sababu usipofuta, mgeni wa kesho atakuta barua pepe ya mgeni wa leo ikiwa wazi.

Sasa upande wa pili. Wasifu wa mgeni umetengwa kwa data, lakini kadi ya simu ni moja na imo kwenye kifaa, haimo kwenye wasifu wowote. Waliobuni mfumo walilijua hili, ndiyo maana mgeni kwa kawaida huanza akiwa amezuiwa kupiga simu na kutuma ujumbe mfupi. Kwenye ukurasa uleule wa Multiple users kuna swichi ya kumruhusu mgeni apige. Mwenye simu wa Kiwanjani, ambaye wanaomwendea wengi wanataka kupiga, atagundua siku ya kwanza kwamba mgeni wake hawezi kupiga, na ataifungua swichi hiyo ili asionekane mchoyo. Kwa kufanya hivyo amefungua pale ambapo kwa mazingira yetu palistahili kufungwa kuliko kote.

Kupiga simu kwenye mitandao yetu si kuongea tu. Kibonyezo hichohicho cha kupigia ndicho kinachobeba namba za nyota na reli. Kwa laini ya Safaricom, *140* ikifuatwa na kiasi na namba ya mtu ni kusambaza salio, na hakuna namba ya siri inayoulizwa. Namba *131# ni Okoa Jahazi, na deni litakalochukuliwa ni lako. Namba *334# inafungua menyu ya M-PESA, nayo angalau itakwama kwenye namba ya siri. Lakini iliyo mbaya kuliko zote haina uhusiano na pesa moja kwa moja. Ukibonyeza **21* ikifuatwa na namba fulani na alama ya reli, unauagiza mtandao uhamishie simu zote zinazokuja kwako kwenye namba hiyo. Hiyo ni namba ya kawaida ya mitandao ya GSM, inafanya kazi karibu dunia nzima, na amri yenyewe huhifadhiwa kwenye mtandao, haihifadhiwi kwenye simu. Kumwondoa mgeni hakuifuti. Kuzima simu hakuifuti. Hata kuisafisha simu irudi kama ilivyotoka kiwandani hakuifuti, kwa sababu amri haikuwa kwenye simu tangu mwanzo.

Fikiria hatua zinazofuata. Mlaghai akiwa na namba yako na simu zako zikimwendea, anajaribu kusajili WhatsApp yako kwenye kifaa chake. WhatsApp hutuma tarakimu sita kwa ujumbe mfupi, na asiyepata ujumbe huo anaweza kuomba apigiwe asomewe tarakimu hizo. Simu hiyo inapigwa kwa namba yako, na namba yako sasa inaita kwake. Saa moja baadaye kikundi chote cha chama kinapata ombi la mkopo wa dharura kutoka kwako. Wewe uliwasha hali ya mgeni, picha zako hazikuguswa, na ulipoirudisha simu mfukoni ulijiona umecheza salama. Dawa zake ni mbili na zote ni nyepesi. Kwenye WhatsApp weka uthibitishaji wa hatua mbili, ili tarakimu sita pekee zisitoshe kumwingiza mtu. Na baada ya mtu yeyote kupiga kwa simu yako, bonyeza *#21# na kupiga: mtandao utakujibu kama simu zako zimehamishwa. Zikiwa zimehamishwa, ##21# inafuta amri hiyo, na ##002# inafuta kila aina ya uhamishaji, hata ule wa wakati simu haipokelewi au haipatikani, ambao mtu haugundui upesi kwa kuwa simu zake nyingi zinaendelea kuita kama kawaida.

Kwa hiyo anayetaka kupiga asipewe hali ya mgeni. Asipewe simu kabisa hadi namba iwe inaita. Mwenye simu aulize namba, aibonyeze mwenyewe, asikie kwamba inaita, kisha ama aweke sauti ya juu na kuishika, ama ampe mwenzake aongee. Ikiwa umempa mkononi na simu iko wazi upande wako, simama naye, kwa maana akikata, kioo kinarudi kwenye mambo yako yote. Namba ikikataa ni wewe utakayeirudia, yeye asishike. Hii ndiyo ilikuwa njia ya wenye vibanda vya simu wengi wa enzi zile, ingawa wao walilinda sekunde za salio. Na kama shida ni ya dharura hasa, kufuli halihitaji kufunguliwa: kioo kilichofungwa kina sehemu ya simu za dharura, na 999 au 112 hupigwa hapo bila namba ya siri ya mtu yeyote.

Mgeni wa pili, yule anayetaka intaneti, ndiye wa kukaribishwa vizuri. Tuchukue mfano wa mwenye kibanda cha kuchaji simu na kuuza bando, na mteja aliyetoka Merti ambaye anahitaji kuingia kwenye akaunti yake ya eCitizen. Mteja ana kabambe, na laini yake imo humo. Mwenye kibanda anaingia hali ya mgeni, anafungua Chrome, anamkabidhi. Mteja anaandika namba yake ya kitambulisho na nenosiri, na tarakimu za uthibitisho zikitumwa zinaingia kwenye kabambe yake mwenyewe, anazisoma na kuziandika. Mpangilio huo ni mzuri kuliko unavyoonekana. Mwenye kibanda hawezi kuingia akaunti ile kesho, kwa sababu nenosiri halikuhifadhiwa upande wake, na hata angelikariri, tarakimu zingemwendea mteja. Mteja naye hakuona ujumbe mmoja wa mwenye kibanda. Hapa kuna jambo linalosahaulika kila ushauri unapomlenga mwenye simu peke yake: mara nyingi anayehatarisha zaidi ni anayeazima. Ndiye anayeandika nenosiri kwenye kifaa asichokimiliki, ndiye anayepiga picha kitambulisho chake kwa kamera ya mtu, na ndiye anayeondoka akaunti ikiwa wazi nyuma yake. Mwenye kibanda anapogusa Ondoa mgeni mbele ya macho yake, anamfutia hayo yote.

Kuna kikwazo kimoja katika mfano huo, na kitamkasirisha mteja asipoambiwa mapema. Cheti au risiti aliyoipakua imo ndani ya wasifu wa mgeni, na wasifu ukifutwa, faili linakwenda nao. Lazima alitume kwa barua pepe au lichapishwe kabla ya kutoka. Kikwazo kingine ni WhatsApp. Mgeni hawezi kuingia WhatsApp yake kwenye simu yako hivihivi. Angelazimika kuisakinisha na kuisajili namba yake upya, jambo ambalo lingemtoa kwenye simu yake mwenyewe, mazungumzo yake ya zamani yasije, na wasifu ukifutwa ajisajili tena. Anayehitaji kumtumia mtu ujumbe wa WhatsApp ni afadhali umtumie wewe, kwa akaunti yako, ukiandika wewe. Na bando linalotumika ni lako, pamoja na jina lililosajiliwa kwenye laini. Kanuni za usajili wa kadi za simu za Kenya zinamfunga mwenye laini na laini yake, na hali ya mgeni haimwandikii mgeni jina lolote mahali popote. Akitukana mtu mtandaoni au kujaribu ulaghai kupitia bando lako, kinachoonekana nje ni muunganisho wako. Mwenye kibanda anayehudumia watu wengi kwa siku anaweza kuandika daftarini jina na saa. Asiye na kibanda, anayeazima mara moja kwa mwezi, atumie macho yake kuamua ni nani wa kupewa.

Vipi kuhusu wasifu wa pili wa kudumu badala ya mgeni? Huo unafaa kwa mtu anayerudi: mtoto wa nyumbani, mdogo wako asiye na simu, kijana anayekushikia kibanda mchana. Unaongeza mtumiaji kwenye ukurasa uleule, anaweka kufuli lake, programu zake na barua pepe yake, na kila akirudi anayakuta mambo yake. Bei yake ni nafasi na kasi. Simu yenye uhifadhi wa gigabaiti 32, ambayo nusu imejaa video za harusi, itaanza kulalamika, na kwenye simu yenye kumbukumbu ndogo kuhama kutoka mtumiaji mmoja hadi mwingine huchukua muda wa kuudhi. Kwa mtu usiyemjua, wasifu wa kudumu una kasoro ya msingi: unatunza. Watu watano wakiupitia mmoja baada ya mwingine, umegeuka daftari la wageni lenye manenosiri. Na swichi ya kupiga simu na kutuma ujumbe ipo pia kwa mtumiaji wa pili, ikiwa na maneno ya onyo kwamba atashirikiana nawe rekodi za simu na ujumbe mfupi. Onyo hilo lichukuliwe jinsi lilivyoandikwa. Ukiiwasha, zile jumbe za M-PESA tulizoanza nazo zimefunguka tena.

Wapo watakaosema haya yote ni kumfedhehesha mtu. Mji huu una Waborana, Wasomali, Waturkana, Wameru, Wasamburu na wengine, na mgeni kwa wote hao ana haki zake. Kuhangaika na mipangilio mbele yake kabla ya kumpa simu ni kama kumpekua. Pingamizi hili lina uzito kuliko yanayotolewa na wataalamu, na jibu lake halimo kwenye mfumo wa simu. Limo kwenye namna ya kutenda. Anayegeuka kando, akaficha kioo na kubonyeza kwa siri amemtuhumu mwenzake. Anayesema waziwazi kwamba anamfungulia ukurasa wake mwenyewe, ambao utafutwa akimaliza ili hata mwenye simu asione mambo yake, amempa kitu ambacho simu ya wazi haimpi. Na ni kweli tupu, si maneno ya kupaka mafuta.

Wengine watasema dawa ni kusimama karibu na kutazama. Kutazama kunafaa kwa anayepiga simu, kama nilivyosema, kwa sababu mambo yake ni machache na yanasikika. Kwa anayevinjari hakufai. Ukimtazama anavyoandika nenosiri lake umemkosea, na usipotazama hujui anafungua nini. Tena jicho humkamata anayegusa mahali asipotakiwa, halimkamati anayesoma. Ujumbe wa M-PESA ukidondoka juu ya kioo akiwa ameishika simu, amekwisha kuusoma kabla hujanyoosha mkono. Na anayetaka kutoroka na simu hazuiwi na hali ya mgeni wala na macho. Huyo huzuiwa na mahali ulipochagua kusimama.

Pingamizi lililobaki ndilo gumu zaidi, nalo ni la kifaa. Hali ya mgeni haipo kwenye kila simu. Samsung kwa kawaida wameiweka kwenye kompyuta zao kibao na kuiacha nje ya simu zao. iPhone haina watumiaji wengi kabisa. Simu za bei ya chini zenye kumbukumbu ndogo mara nyingi huuzwa bila hiyo, na watengenezaji wengine huificha au kuiondoa hata pale ambapo Android yenyewe inaiweza. Mwenye simu kama hizo ana njia za kando, na kila moja ina tundu lake. Kwenye iPhone kuna Guided Access, ndani ya Settings kwenye Accessibility, inayomfungia mtu kwenye programu moja hadi uandike namba yako. Kwenye Android, Samsung wakiwemo, kuna kubandika programu, inayoitwa Pin app au App pinning, ambayo kazi yake ni hiyohiyo. Chagua pia iulize namba ya siri kabla ya kubandua, la sivyo anayejua vibonyezo viwili atatoka. Lakini programu iliyobandikwa ni ya kwako na akaunti ni yako: ukimbandikia Chrome, amekaa ndani ya historia na manenosiri yako. Fungua kwanza dirisha la siri, Incognito, kisha ubandike, na umsihi asifungue dirisha la kawaida. Ni kinga nyembamba, inamtegemea yeye.

Mwenye Samsung ana folda salama, Secure Folder, inayogeuza mambo kinyume: badala ya kumpa mgeni nafasi tupu, unayaficha ya kwako mahali pamoja. Inafaa kwa picha na nyaraka. Haifai kwa ujumbe mfupi, ambao unabaki nje kwenye programu yake ya kawaida, na ndio tulioanza kuuogopa. Tecno na Infinix nyingi zina kufuli la programu mojamoja kwenye mipangilio, na kama kuna programu moja tu ya kufunga, iwe ya Messages, na baada yake barua pepe. Zima pia maandishi ya arifa yasionekane juu ya kioo, maana kufuli la programu halizuii ujumbe kujisoma wenyewe ukiingia. Anayenunua simu mpya madukani Isiolo na anajua kibanda chake kitaazimisha, amwombe muuzaji aiwashe, aende Settings, aandike neno users kwenye kisanduku cha kutafutia. Multiple users isipotokea, simu hiyo ina mtumiaji mmoja tu, hata boksi likisifu kamera kiasi gani.